Ujumbe wa Saa Nne Asubuhi: Namna ya Kumkumbusha Mtu Taimshiti Akaileta, Tena Ikiwa ya Kweli

(Hotuba niliyoitoa Moshi mwaka 2025 mbele ya wenzangu wanaoshughulika na utawala, rasilimali watu na hesabu katika mashirika ya Moshi na Arusha. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza, nikipunguza salamu tu.)

Shikamoni wakubwa wangu. Wenzangu wa rika, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja mapema, najua wengine mmetoka Arusha kabla jua halijachomoza.

Naomba nianze kwa kuwasomea ujumbe. Niliuandika mwenyewe Desemba 2023, saa nne asubuhi, nikautuma kwenye grupu la WhatsApp la ofisi yetu:

"Ndugu wafanyakazi, hadi sasa watu 11 kati ya 26 hawajawasilisha taimshiti. Tabia hii imekuwa ya kawaida kila mwezi na inasikitisha sana. Ambaye hatakuwa amewasilisha ifikapo saa kumi jioni ya leo hatalipwa mshahara wa Desemba."

Naona baadhi yenu mnatikisa kichwa, nadhani ni kwa sababu mna ujumbe kama huu kwenye simu zenu. Siku ile niliona nimeandika vizuri. Niliona una heshima, maana nimesema "ndugu", na una msimamo, maana nimetaja saa na nimetaja adhabu. Tena ulizaa matunda. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimepokea taimshiti 9 kati ya zile 11. Nikafunga orodha ya mishahara, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika.

Machi ikaja, na wakaguzi wa hesabu wakaja. Walichofanya ni kitu chepesi mno. Walichukua taimshiti za Desemba, wakaziweka mezani pamoja na daftari la safari za magari na fomu za likizo, wakaanza kulinganisha. Muuguzi mmoja wa mradi alikuwa ameandika saa 8 za kazi tarehe 26 Desemba, sikukuu. Dereva aliandika yuko Rombo siku ambayo daftari linaonyesha gari lake liko gereji. Watu wanne walikuwa na taimshiti zinazofanana kama pacha: saa 4 mradi huu, saa 4 mradi ule, kila siku, mwezi mzima, bila hata siku moja kutofautiana. Na karibu zote zile 9 zilikuwa zimesainiwa na wasimamizi siku ileile, ndani ya saa mbili, zikisema kazi imefanyika hadi tarehe 31, wakati tulikuwa bado katikati ya mwezi.

Wale watu si wezi, nafanya nao kazi hadi leo na ninawaheshimu. Mimi ndiye niliyewafikisha hapo. Niliwapa saa sita kukumbuka siku zote walizofanya kazi, nikawawekea kisu cha mshahara shingoni. Mtu akibanwa hivyo anaandika kitakachopokelewa, na nilichopokea ndicho hicho.

Kabla sijaeleza nilichobadilisha, niseme kwa nini karatasi hii ina uzito, maana wafanyakazi wengi hawajawahi kuelezwa. Wanaambiwa "mfadhili anataka". Chukueni muuguzi analipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na anahudumia miradi miwili. Kwenye bajeti tuliandika nusu kwa nusu, 600,000 kila mradi. Desemba 2024 ilikuwa na siku za kazi 19, ukitoa Uhuru, Krismasi na siku ya pili yake. Kwa saa 8 kwa siku, hizo ni saa 152. Sasa taimshiti yake ya kweli ilionyesha saa 95 kwa mradi wa kwanza na saa 57 kwa wa pili. Kwa hiyo mradi wa kwanza unapaswa kubeba 750,000 na wa pili 450,000. Tukiacha ile nusu kwa nusu ya bajeti, mradi wa pili umelipia shilingi 150,000 za kazi ambayo haukufanyiwa. Hiyo ni kwa mtu mmoja, mwezi mmoja.

Wale wenye fedha za serikali ya Marekani, na hapa Moshi ziko sana kwenye utafiti, kanuni yao mnaijua: 2 CFR 200.430. Inataka mshahara unaotozwa kwenye mradi utokane na kumbukumbu za kazi iliyofanyika kweli. Makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Yanaruhusiwa kutumika kwa muda tu, ilimradi baadaye yarekebishwe kulingana na kazi halisi. Mkaguzi akikuta karatasi haipo, au ipo lakini haiaminiki, anaweza kuikataa gharama ile, na fedha inarudishwa kutoka mfuko wa shirika lenyewe. Muuguzi ameshalipwa na ameshakula, deni linabaki kwa shirika.

Nilipomweleza yule muuguzi hesabu hii kwa kalamu na karatasi, dakika kumi tu, aliniambia, "Dada, mbona hukusema siku zote? Mimi nilidhani mnatupima kama tunafika kazini." Hapo nilielewa kwamba neno letu la kukumbusha lilikuwa limebeba maana nisiyoijua. Kila nilipoandika "leteni taimshiti", yeye alisikia "hatuwaamini".

Sasa turudi kwenye ujumbe wangu. Una makosa matatu, na kila moja lilinichukua muda kuliona.

La kwanza ni ile hesabu, watu 11 kati ya 26 na ile "kawaida kila mwezi". Nilidhani nawaaibisha. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilifanyia kazi jambo hili katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, huko Marekani, ambako magogo ya kale yamegeuka mawe na wageni wanayadokoa vipande. Waliweka mabango ya aina mbalimbali njiani, wakatawanya vipande walivyovitia alama, kisha wakahesabu vilivyobebwa. Bango lililosema wageni wengi waliopita wamebeba mawe, na hifadhi inaharibika, lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vile. Bango lililosema tu tafadhali usibebe, kwa ajili ya kulinda hifadhi, lilifuatiwa na wizi wa chini ya asilimia 2. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 2006. Mtu akisoma kwamba wengi wanafanya, hasikii lawama, anasikia kwamba hayuko peke yake. Kwenye grupu letu, yule wa kumi na moja aliyekuwa anaona haya kuchelewa alipata wenzake kumi kwa ujumbe wangu mmoja. Siku hizi sitaji kamwe idadi ya waliochelewa mbele ya watu. Wakifika 20 kati ya 26, ninaandika kwamba 20 wameshaleta na ninawashukuru. Wakiwa 9 tu, sisemi idadi yoyote, kwa sababu siwezi kusema uongo na ukweli huo haunisaidii.

Kosa la pili ni "ndugu wafanyakazi". Ukiita "jamani" uwanjani, hakuna anayegeuka. Kila mmoja anadhani anaambiwa mwingine. Ujumbe wa grupu ni mzuri kwa kutangaza tarehe. Kumfuata mtu ni kazi nyingine, na inafanyika kwa mtu mmoja, kwa jina lake au kwa namna unavyomwita siku zote. Kama ofisini unamwamkia shikamoo mzee wa stoo, basi hata kwenye simu anza na shikamoo. Nimeona vijana wetu wa ofisi wanamwandikia mtu wa umri wa baba yao "Kumbusho la pili" halafu tarehe. Yule mzee hatajibu, na wala hatakuwa na kosa.

La tatu ndilo zito. Nilitishia kutolipa mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe ujira siku ya malipo iliyokubaliwa, na makato kwenye mshahara yamewekewa masharti: yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe awe amekubali kwa maandishi. Taimshiti iliyochelewa haimo humo. Mtu aliyefanya kazi Desemba anadai mshahara wa Desemba, karatasi iwepo isiwepo. Kwa hiyo nilikuwa natishia jambo ambalo shirika halina haki ya kulifanya, na ambalo mimi mwenyewe nisingelifanya. Wale wawili ambao hawakuleta kabisa walilipwa kama wengine. Januari kila mtu alikuwa anajua kwamba maneno yangu yana mpaka wake.

Wakati wa chai mmoja wenu aliniuliza, sasa msimamo unabaki wapi kama mshahara haugusiki? Nitafika hapo. Kwanza niwaeleze tulichofanya Desemba iliyofuata, 2024.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa Novemba, na halikuwa ujumbe. Niliwafuata mmoja mmoja wale 11 wa mwaka uliotangulia, nikawauliza swali moja: ile siku ilikuwaje? Sikuuliza kwa nini ulichelewa, maana swali hilo linaleta kujitetea. Majibu yalinishangaza. Wengi wao walikuwa fildi, Same na Mwanga, na faili la Excel liko kwenye kompyuta ya ofisini. Wengine walikuwa hawajui watumie namba ipi ya mradi, kwa sababu mradi mmoja uliisha Oktoba na mwingine ukaanza na hakuna aliyewaambia rasmi. Wawili walijaza mapema kabisa, lakini msimamizi wao alikuwa likizo na hakuacha mtu wa kusaini. Dereva mmoja alikaa kimya kidogo, kisha akasema alikuwa anaogopa kuandika ukweli. Alikuwa anatoka Moshi saa kumi na moja alfajiri kwenda Tarakea na kurudi usiku, na aliwahi kusikia kwamba ofisi haipendi kuona saa za ziada.

Wenzangu, hili la dereva naomba tukae nalo kidogo. Sheria ileile inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zikizidi hapo ni saa za ziada, zinazotakiwa zikubaliwe na kulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na haziwezi kuzidi saa 50 katika kila wiki nne. Dereva anapoandika 8, 8, 8 huku akikaa kwenye usukani saa 13, tunamnyima haki yake, na taimshiti inapingana na daftari la gari ambalo mkaguzi atalisoma. Hakuna ujumbe wa kukumbusha, hata uwe mtamu kiasi gani, utakaomfanya alete karatasi hiyo mapema. Anaichelewesha kwa sababu inamuumiza kuiandika. Tulikaa na mkurugenzi, tukakubaliana jinsi safari ndefu zitakavyopangwa kwa madereva wawili na jinsi saa za ziada zitakavyolipwa. Tangu mwezi ule taimshiti ya yule dereva ni ya kwanza au ya pili kufika mezani kwangu.

Kati ya wote 11, aliyekuwa amezembea tu, bila sababu nyingine, alikuwa mmoja. Nilikuwa nimewapigia kelele watu 26 kwa ajili ya mtu mmoja.

Basi tukarekebisha vinavyorekebishika. Taimshiti ikawekwa kwenye karatasi moja ya kawaida ambayo mtu wa fildi anaibeba kwenye daftari lake, anajaza kila jioni mstari mmoja, na siku ya mwisho anaipiga picha na kunitumia, halafu ile yenyewe inakuja na gari. Namba za miradi tukazichapisha nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa majina ambayo watu wanayatumia, yaani "mradi wa akina mama Hai", kisha namba. Na kila msimamizi anayeenda likizo anaacha jina la atakayesaini, kwa maandishi, kabla likizo haijaidhinishwa.

Kisha tarehe. Desemba ni mwezi mgumu huku kwetu kuliko kwingine. Wageni wanapanda kutoka Dar na kila kona, kila mtu ana harusi, ana kipaimara, ana ukoo unakutana Kibosho au Marangu. Mshahara unatakiwa utoke kabla ya sikukuu, kwa hiyo taimshiti inadaiwa mwezi ukiwa katikati. Hapo ndipo uongo wa mwaka juzi ulipozaliwa, kwa kuwa nilimtaka mtu asaini tarehe 31 akiwa tarehe 15. Safari hii tuligawa karatasi sehemu mbili. Kuanzia tarehe 2 hadi Ijumaa tarehe 13 mtu anaandika alichofanya, siku 9 za kazi, na msimamizi anasaini hizo. Siku 10 zilizobaki zinaandikwa kwa penseli, zikiwa na kichwa "makadirio". Januari, wiki ya kwanza ya kurudi, kila mtu anapewa karatasi yake ileile athibitishe au arekebishe, na msimamizi anasaini sehemu ya pili. Yule muuguzi wetu alikuwa amekadiria kwamba tarehe 30 na 31 angekuwa mradi wa kwanza, lakini akaitwa kliniki ya mradi wa pili. Saa 16 zikahamishwa, kama shilingi 126,000 hivi, kwa hati moja ya marekebisho ya hesabu. Hiyo hati, na karatasi yenye penseli iliyokatwa na kusainiwa, vinamweleza mkaguzi mambo mengi kuliko karatasi safi isiyo na doa.

Sasa maneno yenyewe. Tarehe ya mwisho ilikuwa Jumatatu tarehe 16 Desemba, saa kumi jioni. Nilituma mara tatu tu.

Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa tarehe 6, kwenye grupu, na ilitangaza tu: "Habari za leo. Mshahara wa Desemba utatoka Ijumaa tarehe 20. Ili hilo liwezekane, taimshiti zinapokelewa hadi Jumatatu tarehe 16, saa kumi jioni. Jaza siku zako hadi Ijumaa tarehe 13, zilizobaki weka makadirio kwa penseli. Kama namba ya mradi wako inakutatiza, nipigie leo au Jumanne, nipo." Nilisema Jumanne kwa sababu Jumatatu tarehe 9 ni Uhuru. Mtu akikuambia umpigie siku ya sikukuu unajua hakufikiri.

Mara ya pili ilikuwa Alhamisi tarehe 12, kwa wale tu ambao walikuwa hawajaleta, mmoja mmoja. Nilimwandikia mzee wa stoo: "Shikamoo mzee. Taimshiti yako sijaiona bado, na siku ya mwisho ni Jumatatu saa kumi jioni. Unafikiri utakaa nayo lini, Ijumaa au Jumatatu asubuhi?" Lile swali la mwisho ndilo lenye kazi. Mtu akijibu "Ijumaa baada ya chakula", ameshajipangia mwenyewe muda na mahali. Akijibu "nipo Same hadi Jumanne", nimejua tatizo siku nne kabla, na bado naweza kumwambia apige picha. Nilichozoea zamani kilikuwa kuuliza "umeshaleta?", na jibu lake likawa "naleta", basi. Neno "naleta" halina siku wala saa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu yenyewe saa tatu asubuhi, kwa watu wanne waliobaki, na wawili kati yao niliwapigia simu badala ya kuandika: "Leo saa kumi nafunga. Kuna kinachokukwamisha?" Ukishauliza hivyo, nyamaza, mwache mtu ajibu.

Saa kumi jioni nilifunga. Hapa ndipo msimamo unapokaa. Taimshiti moja ilikuwa haijafika, ya yule mmoja niliyewaambia. Alinipigia saa kumi na moja kasoro, amefika getini, anaomba nimpokelee. Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikaipokea karatasi, na juu yake nikaandika saa niliyoipokea. Mshahara wake ulitoka tarehe 20 kama wa wengine. Lakini kwenye hesabu za Desemba, mshahara huo haukutozwa mradi wowote. Uliwekwa kwenye mfuko wa shirika hadi Januari, na jina lake likaingia kwenye taarifa ya mkurugenzi ya mwezi, mstari mmoja usio na maneno makali. Na kwa utaratibu ambao tuliuandika Novemba na kila mtu akausaini, hakupewa masurufu mapya ya safari hadi taimshiti yake ithibitishwe. Masurufu ni fedha ya kazi, si ujira, kwa hiyo hapo hatukugusa haki yake.

Akirudia mara ya pili na ya tatu, tunaingia kwenye nidhamu, na nidhamu ina ngazi zake. Kanuni za Utendaji Bora, zile zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinataka adhabu ilingane na kosa, mtu apewe nafasi ya kusikilizwa, na makosa madogo yaanzie kwenye ushauri na onyo. Onyo la maandishi linasema kosa, tarehe, na kinachotarajiwa baada ya hapo. Nimeandika moja tu katika miaka yote hii. Niliiandika bila kuinua sauti, na ndiyo maana naamini ilifanya kazi.

Niongeze kidogo kuhusu mafunzo ya lazima, kwa sababu wengi mmeniuliza. Taimshiti inachukua dakika kumi, mafunzo yanachukua saa moja na nusu au zaidi, na kwenye simu ya mtu aliye Usangi mtandao ukikatika anaanza upya. Kwa hiyo usimkumbushe mtu kumaliza mafunzo kabla hujampa saa za kuyafanyia. Kwetu kila mfanyakazi wa fildi anapangiwa asubuhi moja ofisini, kwenye kompyuta, na saa hizo zinaandikwa kwenye taimshiti kama kazi, kwa sababu ni kazi.

Swali la mwisho lilikuwa la dada aliyekaa nyuma pale, na ninamshukuru kwa ujasiri wake. Ameuliza, kama anayechelewa ni bosi? Dada yangu, hilo ndilo gumu kuliko yote, na nililikuta kwetu. Huwezi kumkumbusha dereva kwa uso mkavu huku dereva anajua kwamba ya mkurugenzi haijafika. Nilichofanya ni kumwendea peke yake, asubuhi kabla simu hazijaanza, nikiwa na karatasi yake iliyoshajazwa tarehe na namba za miradi, na kalenda yake ya mikutano pembeni. Nikamwambia, "Naomba yako iwe ya kwanza mwezi huu, ili niweze kuwadai wengine." Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Alijaza tumekaa, dakika kumi na tano, na ikapelekwa kwa mwenyekiti wa bodi kusainiwa. Kama angekataa, ningemwandikia barua pepe ya heshima, nikamweleza kwamba mshahara wake wa mwezi ule hauwezi kutozwa miradi, kwa utaratibu uleule aliousaini yeye. Nilikuwa nimeshaiandika. Iko kwenye rasimu zangu hadi leo, sikuwahi kuituma.

Kwa mwaka huu, fungueni kalenda zenu sasa. Desemba 2025 ina siku za kazi 20. Uhuru ni Jumanne, Krismasi Alhamisi. Kama mnataka mshahara utoke Ijumaa tarehe 19, sehemu ya kwanza ya taimshiti iishie Ijumaa tarehe 12 na karatasi zipokelewe Jumatatu tarehe 15. Ujumbe wa kwanza wa grupu uende Ijumaa tarehe 5, na wa mtu mmoja mmoja Alhamisi tarehe 11. Wasimamizi wenu wanaokwenda likizo mapema waulizeni wiki hii nani atasaini kwa niaba yao. Nimeleta nakala 30 za ile karatasi yetu, ziko mezani karibu na mlango, kila mmoja achukue moja.